Taarifa ya Uchunguzi: Tuhuma za Udanganyifu katika Mtihani wa Hisabati, Kidato cha Tatu

KWA: Mkuu wa Shule
NAKALA: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule
KUTOKA: Kamati ya Uchunguzi
TAREHE: 6 Juni 2025

Chanzo cha uchunguzi

Mtihani wa Hisabati wa kufunga muhula wa kwanza ulifanyika Jumanne, 27 Mei 2025. Walioufanya ni wanafunzi 84: 41 wa mkondo A na 43 wa mkondo B. Tarehe 29 Mei, mwalimu wa somo alisimamisha usahihishaji na kutoa taarifa ofisi ya taaluma. Kesho yake uliunda kamati hii ya walimu wanne na kutupa siku tano. Mwalimu wa somo hakuwa mjumbe.

Tulichokiona

Swali la 9 lilitaka urefu wa upande mrefu wa pembetatu mraba ambayo pande zake fupi ni sentimita 8 na 15. Jibu ni 17. Wanafunzi 11 wa mkondo B waliandika 13. Kukosa hesabu si kosa la nidhamu, na kama jambo lingeishia hapo tusingekuwa na kesi. Lakini wanne kati yao walionyesha njia, na njia yenyewe ilikuwa 25 + 144 = 169. Hizo ni hesabu za pande za 5 na 12, namba ambazo hazikuwemo kwenye karatasi waliyopewa.

Namba hizo zilikuwa kwenye rasimu. Mwalimu aliichapa Ijumaa, 23 Mei, akasahihisha tahajia ya swali la 2 kwa kalamu nyekundu, kisha akaitupa kwenye boksi la karatasi chakavu ofisini. Jumatatu jioni alibadilisha swali la 9 kwa kuwa mfano kama huo alishaufanya ubaoni, ndipo akatoa nakala za mtihani. Rasimu hiyo tuliipata tarehe 2 Juni, imekunjwa mara nne ndani ya jalada la daftari la Jiografia. Alama ya kalamu nyekundu ipo kwenye swali la 2.

Mwenye daftari alikuwa zamu ya usafi wa ofisi ya walimu Ijumaa ile. Alikiri mbele ya mzazi wake kwamba aliiokota alipokuwa akimwaga taka, akawaonyesha wenzake tisa kwa shilingi 500 kila mmoja. Wote tisa wamekiri. Wa kumi na moja hakuwahi kuiona rasimu: aliangalizia kwa jirani yake, na jirani amethibitisha.

Mahojiano yalifanyika mmoja mmoja, mwalimu wa malezi akiwepo. Hakuna aliyechapwa wala kutishwa.

Wasiohusika

Hapa tunaomba tusomwe kwa makini. Kabla kamati haijaundwa, maneno yalishaenea kuwa mwalimu wa Hisabati aliuza mtihani kwenye tuisheni. Kati ya wale 11, wanaosoma tuisheni kwake ni wawili tu, nao walilipia rasimu kama wenzao. Hatukupata ushahidi wowote dhidi yake. Vilevile wasichana watatu wa mkondo B waliitwa wezi kwa sababu tu alama zao zilipanda. Wote watatu wana jibu la 17, na hatua za hesabu zimeandikwa zote. Hawana hatia, na waliumizwa bure.

Maoni ya kamati

Mwanafunzi aliyeokota na kuuza ana kosa kubwa kuliko wenzake. Hata hivyo, ofisi nayo ina sehemu yake. Rasimu ya mtihani haikupaswa kuwa kwenye boksi linalomwagwa na wanafunzi. Hawa watoto wataingia mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne mwakani, ambako udanganyifu humfutia mtahiniwa matokeo. Ni afadhali wamekamatwa wakiwa bado mikononi mwetu.

Hatua zilizochukuliwa

Matokeo ya Hisabati ya kidato kizima yamefutwa, na mtihani mpya umefanyika Jumatano, 4 Juni, mikondo yote miwili. Wazazi wa wanafunzi 11 wameitwa; kumi wamepewa onyo la maandishi linaloingia kwenye majalada yao. Shilingi 4,500 zimerudishwa kwa wenyewe mbele ya wazazi. Suala la aliyeuza limepelekwa Bodi, nasi tunapendekeza apewe adhabu itakayomwacha darasani.

Mwalimu wa somo ameandika barua ya kujieleza kuhusu utunzaji wa rasimu, na ameipokea lawama hiyo bila ubishi. Kuanzia 3 Juni, rasimu zote zinachomwa siku hiyohiyo mbele ya walimu wawili, na wanafunzi hawafanyi tena usafi ofisini wiki za mitihani.

Limebaki moja. Wale wasichana watatu walitajwa vibaya mbele ya darasa zima, hivyo tunaomba Mkuu wa Shule awasafishe mbele ya darasa hilohilo kabla shule haijafungwa.

Imesainiwa na wajumbe wote wanne wa Kamati ya Uchunguzi.