Maombi ya Nafasi ya Mtafiti wa Baada ya Uzamivu, Masomo ya Dini

Tukuyu, Rungwe,
Mkoa wa Mbeya.
14 Machi 2025

Mwenyekiti,
Kamati ya Uteuzi wa Watafiti,
Idara ya Falsafa na Masomo ya Dini,
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MTAFITI WA BAADA YA UZAMIVU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba nafasi ya miaka 2 mliyoitangaza mwezi uliopita. Niseme mapema, msije mkashangaa mkifungua vyeti: shahada zangu zote 3 ni za historia, na theolojia sijawahi kuisoma darasani hata muhula mmoja.

Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu Rungwe kati ya 1925 na 1961, hasa Kanisa la Mwisho la Mungu na Kristo Wake, lililoanzishwa Nyasaland na Jordan Msumba likavuka mto Songwe na kuingia kwetu. Nililiandika kihistoria: kodi ya kichwa, vijana waliokwenda kuchimba dhahabu Lupa, na wanaume wenye wake wengi ambao wamisheni hawakuwabatiza. Hoja yangu ilikuwa kwamba watu walilifuata kanisa hilo kwa sababu liliwapokea na wake zao. Watahini waliipitisha, nami bado naiamini. Ila ni nusu ya habari.

Nusu ya pili nilionyeshwa na bibi mmoja karibu na Masoko, ambaye baba yake alikuwa muumini wa kanisa hilo. Nilikuwa nimemhoji saa nzima. Akaniambia: "Mjukuu wangu, mwaka umeniuliza mara nne. Mbona huniulizi baba alikuwa anaomba nini?" Kisha akaimba wimbo wa jioni wa baba yake, beti tatu, macho kafumba. Kinasa sauti kilikuwa kimezimwa. Nilikizima nikidhani mahojiano yamekwisha. Katika tasnifu mama huyo anaonekana kwenye tanbihi moja, kama ushahidi wa tarehe. Tangu hapo nimekuwa nikiyasoma upya madaftari yangu, na kila ukurasa nakuta swali ambalo sikuuliza.

Ndiyo maana nataka kuhamia kwenu. Utafiti ninaoupendekeza ni juu ya jina Kyala. Leo Mnyakyusa akisema Kyala anamaanisha Mungu wa Biblia, na hakuna anayeshtuka. Lakini kabla ya Wamoravian na Waluteri wa Berlin kufika mwaka 1891, Kyala alikuwa mmoja wa wakuu wa kale walioheshimiwa kwa matambiko, kama Lwembe aliyetambikiwa Lubaga. Pango lake lipo hadi leo kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Ikombe, na linaitwa Pali-Kyala. Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1930, aliyaandika haya kwa kirefu. Mwanahistoria atauliza nani alilichagua jina hilo na lini. Mimi sasa nauliza jina lilipohama kutoka pangoni kwenda kanisani lilibeba nini: hofu ya zamani, mvua, wafu? Na wanaoomba leo wanakisikia kile cha kale, au kimeshazimika? Hayo hayapo kwenye jalada lolote. Yapo kwenye sala, nyimbo, mazishi na namna mzee anavyoshusha sauti akilitaja pango.

Ninachokuja nacho: Kinyakyusa ni lugha ya nyumbani, mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani nausoma, taratibu lakini kwa uhakika, majalada ya Nyaraka za Taifa nayafahamu vizuri, na nina saa 60 za mahojiano zilizonukuliwa. Ninachokosa nakifahamu pia. Nadharia za dini nimezisoma mwenyewe usiku, bila mtu wa kunipinga, na mtu anayejisomea peke yake hukubaliana na nafsi yake mno. Kiarabu sijui, hivyo kuhusu Uislamu wa nyanda hizi sitajifanya mtaalamu.

Kuna jambo ambalo huenda mtaniuliza, nami sipendi kulikwepa. Nimebatizwa na kulelewa Moravian, na babu yangu alikuwa mwinjilisti. Kwenye historia nilijifunza kulificha hilo. Kwenye utafiti huu nakusudia kuliandika wazi katika sura ya kwanza, kwa sababu wenyeji wa Ikombe watakaponiona pangoni watajua mimi ni mtoto wa nani kabla sijatoa kalamu.

Kwa sasa nafundisha historia katika chuo kimoja cha hapa Mbeya, vipindi 14 kwa wiki. Naweza kufundisha kwenu kozi ya dini za asili za Afrika na ya mbinu za masimulizi ya mdomo. Nitakuwa huru kuanzia Julai, mitihani ikishasahihishwa.

Nimeambatisha wasifu, nakala za vyeti, sura ya 4 ya tasnifu (ile yenye tanbihi niliyoitaja) na majina ya wadhamini 3.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Dkt. Tupokigwe Mwasomola