Ombi la kufikiriwa kwa nafasi ya Elegu

Dada Zaituni, asalaam aleikum. Natumaini umeamka salama na watoto hawajambo. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu jambo lenyewe ni la kazi na sitaki kukubana unijibu papo hapo.

Juzi dereva mmoja wa mchele aliyepita hapa Malaba aliniambia mnatafuta mtu wa nyaraka za tranziti wa kukaa Elegu, na kwamba timu hiyo sasa iko chini yako. Kwanza hongera sana. Pili, naomba na mimi nifikiriwe.

Nianze na jambo ambalo huenda nawe limekupitia akilini. Ulipoingia ofisini kwetu, mimi ndiye niliyekuonyesha namna ya kufungua entri kwenye ASYCUDA. Leo wewe ndiye kiongozi, mimi ndiye mwombaji. Dada, hilo halinipi uzito wowote moyoni. Mei 2020, malori yaliposimama upande wa Kenya hadi mwisho wa foleni hauonekani, madereva wakingoja majibu ya korona, sisi wengine tulishinda kwenye simu tukiwatuliza wenye mizigo. Wewe ulinunua daftari. Ukaandika namba ya kila lori letu, jina la dereva, alipofika kwenye foleni na siku aliyopimwa, na kila alfajiri ukawapigia madereva wenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Daftari lile bado liko kwenye droo yangu, na utaratibu ule ndio ninaoufuata mpaka leo. Kupokea maagizo kutoka kwako kwangu ni heshima.

Kazi ya Elegu naijua kutoka upande wa huku. Mizigo ya Juba inayoingilia Malaba naifuatilia mimi, tangu T1 inapotolewa hadi lori linapothibitishwa kuwa limetoka nchini na bondi kufutwa. Wateja wengi hudhani lori likishavuka kuingia Nimule kazi imekwisha, kumbe bila uthibitisho wa kutoka kwenye mfumo, bondi inabaki wazi na dhamana ya kampuni inazidi kubanwa. Mara ngapi nimemwomba mtu wa Elegu kwa simu akaulize dirishani! Ningependa niwe mimi niliyesimama pale dirishani.

Jambo moja nililojijengea: kabla lori halijaondoka, dereva anashika sili mkononi na kunisomea namba tarakimu moja moja, mimi macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Picha ya simu siitegemei, maana usiku 3 na 8 zinafanana, na namba ikitofautiana lori litasimamishwa mbele ya safari.

Utauliza pia kuhusu kosa langu, na ni haki yako kulisikia kutoka kwangu. Mwaka juzi niliandika vifurushi 960 badala ya 690 kwenye entri moja, saa nne usiku, nikiwa peke yangu. Lori lililala siku mbili likingoja marekebisho, na mteja alilipia siku hizo. Nilimweleza bosi mwenyewe asubuhi ile ile. Tangu hapo, entri yangu haitumwi kabla mtu wa pili hajaisoma, hata mteja akipiga kelele namna gani.

Kwa nini nataka kuondoka? Hapa tumebaki wawili. Tangu mfumo wa forodha ya pamoja uanze mwaka 2014, mizigo ya Kampala hulipiwa ushuru ikiwa bado Mombasa, na kazi ya ajenti wa mpakani imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka. Mshahara unakuja, ila kwa kuchelewa. Nina nguvu ya kufanya zaidi ya hiki ninachofanya sasa.

Kiswahili na madereva ni lugha yangu ya kutwa. Kiarabu cha Juba ninacho kidogo tu, cha salamu na bei, na nitajifunza nikiwa hapo hapo. Kuhamia Elegu si tatizo. Mama watoto tumeshazungumza, naye atabaki Tororo hadi muhula wa shule uishe. Hapa natakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja.

Sikuombi unipitishe kwa sababu ya undugu wetu wa kazi. Kama kuna mtihani, nitaufanya pamoja na wengine, na kama anayehoji si wewe, ni vizuri zaidi. Nimeambatanisha wasifu wangu na cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki. Ikiwa nafasi imeshapata mtu, niambie tu, sitahuzunika nawe.

Alhamisi nitakuwa Kampala, nina karatasi za kupeleka Nakawa asubuhi. Kuanzia saa nane mchana nina nafasi, na nikipata dakika 20 zako nitakuja na lile daftari.

Wasalimie nyumbani.

Kaka yako Ramadhani, Malaba