Safu Mbili za Daftari la Maji

"Shikamoo Mwalimu. Hesabu zinafunga, lakini watu wanasema nimekula hela zao."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Mwanaisha, mweka hazina wa fedha za maji, aliweka mezani daftari la fedha, bahasha ya risiti na taarifa ya benki. Kijijini kwao, kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, ndoo ya maji ya lita 20 huuzwa shilingi 50 kituoni, na fedha hizo ndizo zinazonunua vipuri vya pampu na kumlipa mlinzi. Kwenye mkutano wa kijiji katibu alisoma: benki 85,000, taslimu kwa mweka hazina 1,260,000. Tangu hapo hata salamu za kisimani alinyimwa.

Mwalimu Mbwana, mstaafu wa hisabati, alianza na jumla. Ilikuwa 1,345,000, na risiti zote ziliafikiana nayo. Wengi huishia hapo; jumla ikifunga, daftari hufungwa. Yeye alichukua rula, akaiweka chini ya mstari wa kwanza, akashuka nayo taratibu.

Bodaboda kwenda Pangani kufuata koki, 3,000: safu ya Benki. Sabuni ya kusafishia tangi, 2,500: Benki. Akakunja uso. Nani huenda kutoa benki hela ya sabuni? Mistari minne chini akakuta makato ya benki, 1,800, yameandikwa safu ya Taslimu.

"Mwanangu, benki inakataje hela iliyo kwenye kisanduku chako?"

Mwanaisha alisogea. Mwalimu alirudi ukurasa wa nyuma, uliochapwa kiwandani: Taslimu kushoto, Benki kulia. Ukurasa uliofuata ulipigwa mistari kwa mkono, kwa kuwa kurasa zilizochapwa zilikwisha, na vichwa vikaandikwa Benki kushoto, Taslimu kulia. Mwanaisha aliendelea kujaza kwa mazoea yake, kushoto taslimu. Katibu akasoma vichwa. Kubadilishana nafasi hakukugusa jumla hata senti, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Taarifa ya benki ilionyesha 1,260,000. Kisanduku kilifunguliwa mbele ya mwenyekiti, zikahesabiwa noti na sarafu: 85,000.

Katibu alipoitwa alichukua kifutio.

"Usifute," Mwalimu alimzuia. "Anayefuta humwachia mwenzake shaka. Piga mstari mmoja, neno la zamani lisomeke, andika lililo sahihi juu yake, tarehe, na saini zenu wote wawili."

Waliposaini, mwenyekiti alisema atalifikisha suala hilo kwenye kamati.

"Hapana, baba," Mwanaisha alisema. "Sikutajwa kwenye kamati. Nilitajwa mkutanoni, mama yangu amekaa mbele."

Mwalimu alimtazama mwenyekiti, naye akainamisha kichwa kukubali. Tangazo likabandikwa jioni hiyo kwenye kila kituo cha maji: mkutano wa kijiji Jumamosi saa tisa alasiri, ajenda ya kwanza marekebisho ya taarifa ya fedha za maji, msomaji katibu.