Barua ya Rambirambi kwa Familia ya Bi. Rehema

Wodi ya Wanawake
14 Juni 2024

Kwa Mzee Yusufu, Salma, Hamisi na familia yote,

Mzee wangu, shikamoo. Poleni sana kwa msiba wa mama yetu, Bi. Rehema. Mimi ndiye daktari niliyemhudumia tangu alipolazwa hadi alipofariki usiku wa kuamkia Jumapili. Asubuhi ile tulizungumza tukiwa tumesimama koridoni, na haikuwa saa ya maelezo marefu. Mliniuliza mambo ambayo naona yanastahili kujibiwa kwa utulivu, ndiyo maana nimeandika.

Salma, naomba nianze na wewe. Wewe ndiye uliyetia saini kwamba mama asiwekwe kwenye mashine ya kupumulia, na nimesikia kwamba baadhi ya ndugu wanauliza kwa nini ulikubali. Saini yako haikumwondoa mama. Moyo wake ulikuwa umechoka kwa miaka mingi kwa sababu ya presha, na nimonia ilipomkuta ulishindwa kuhimili. Maji yakajaa mapafuni. Siku mbili za mwanzo dawa zilimsaidia, akawa anakaa na kula mwenyewe, na sote tukapata matumaini. Kisha presha ikashuka, damu ikawa haifiki vya kutosha kwenye figo, na mkojo ukapungua sana. Tukimwongezea dawa ya kutoa maji, presha inazidi kushuka na figo zinaumia. Tukiipunguza, maji yanarudi mapafuni. Mashine ingeweza kumpumulia, lakini isingeuponya moyo ule wala figo zile. Sisi madaktari watatu tulikaa tukalijadili hilo kabla ya kukuita, na ushauri uliopewa ulikuwa wetu. Tena mama mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, aliniambia mbele ya muuguzi kwamba hataki kuwekewa mpira kooni ikiwa hautamrudisha nyumbani. Ulichokifanya ni kuliheshimu neno lake. Ndugu wakiuliza tena, wasomee barua hii, au waje kwangu.

Mzee, wewe uliniuliza kama oksijeni ndiyo iliyommaliza, kwa sababu hali ilibadilika baada ya kuwekewa. Hapana, Mzee wangu. Aliwekewa kwa kuwa mapafu yalikuwa yameshaanza kushindwa. Oksijeni ilimpunguzia kuhema, akaweza kulala na kuongea na ninyi siku zile za mwisho.

Na Hamisi, kuhusu kuchelewa. Siwezi kukwambia kwamba kuwahi hospitali hakuna maana, maana si kweli. Lakini miguu iliyovimba aliificha, na kila alipoulizwa alisema ni uchovu tu. Mlipoona anashindwa kulala chali mlimleta usiku uleule. Hakuna mtoto angefanya zaidi ya hapo kwa alichokuwa anakijua.

Mngependa pia kujua saa zake za mwisho, kwa kuwa ninyi mlikuwa mmeshatoka wodini. Kuanzia saa tano usiku alikuwa amelala usingizi mzito. Tulimpa dawa ya kumtuliza ili asihangaike na pumzi, na sikuona dalili kwamba alikuwa na maumivu. Muuguzi wa zamu alikaa naye, amemshika mkono. Alifariki saa kumi na robo alfajiri. Hakuwa peke yake.

Ninayemkumbuka mimi ni mama aliyekuwa akiivua barakoa ya oksijeni kila mara ili amuulize binti wa kitanda cha pili, "Mwanangu, umeshameza dawa?" Wauguzi wakimrudishia, anaitikia, kisha baada ya muda kidogo anaivua tena. Binti yule ameruhusiwa kurudi kwao. Siku anaondoka alisimama kando ya kile kitanda, akaniomba niwape pole watoto wa mama.

Wodi nzima inaungana nanyi katika majonzi haya. Mwenyezi Mungu amlaze mama mahali pema, na awape ninyi nguvu ya kulibeba hili kwa pamoja, bila kunyoosheana kidole.

Miwani ya mama na pete yake vimehifadhiwa kwa muuguzi mkuu wa wodi. Yeyote kati yenu anaweza kuja kuvichukua akiwa na kitambulisho. Na kama kuna jambo lolote kwenye matibabu yake ambalo bado halijawakaa sawa, njooni alasiri ya siku yoyote ya kazi mniulizie wodini. Nitalitoa faili tukae tulipitie pamoja, hata mkija zaidi ya mara moja.

Wenu katika msiba,

Daktari Amina
Daktari wa zamu, Wodi ya Wanawake