Maneno mapya ya fomu ya kujisajili

Wapendwa wa timu ya tovuti, haya ndiyo maneno ya kuweka kwenye fomu ya kozi. Yanakilini yalivyo. Nimetaja sababu pale tu ambapo najua mtu atashawishika kurudisha ya zamani.

Jina lako
Kidokezo: "Andika jina unalopenda tukuite."
Likiachwa wazi: "Andika jina lako tuendelee."
"Jina batili" ifutwe kabisa. Kwa sasa fomu inakataa ritifaa na kistari, na anayetumia jina moja hapiti. Jina la mtu halina ubatili.

Barua pepe
Kidokezo: "Tutatuma msimbo wa kuthibitisha hapa."
Kikae chini ya kisanduku. Kikiwa ndani, kinapotea mtu akigusa herufi ya kwanza.
Hitilafu: "Anwani hii haina alama ya @. Mfano: jina@example.com"
Itokee mtu akishahama kisanduku, siyo wakati bado anaandika.
Anwani ikiwa imeshasajiliwa: "Tayari kuna akaunti yenye barua pepe hii. Ingia, au weka nenosiri jipya kama umelisahau."
Najua wenzetu wa usalama watasema tunamfichulia mgeni nani amesajiliwa. Ingekuwa huduma ya afya ningekubaliana nao, na ningeandika tu: "Angalia barua pepe yako uendelee." Kwa kozi, naona hasara ya kumwacha mtu gizani ni kubwa zaidi.

Nenosiri
Hapa ndipo wengi wanakwama. "Nenosiri halikidhi vigezo" inamkaripia mtu kwa vigezo ambavyo hakuonyeshwa.
Kidokezo, kionekane tangu mwanzo: "Angalau herufi 12. Maneno manne yasiyohusiana yanafaa, na nafasi zinaruhusiwa."
Likiwa fupi: "Bado herufi 4." Namba ipungue kadiri anavyoandika.
Likiwa la kukisika: "Nenosiri hili linatumiwa na watu wengi. Chagua lingine."
Sharti la herufi kubwa na alama liondoke. Miongozo ya NIST imeacha kulipendekeza tangu 2017. Kisanduku cha "Rudia nenosiri" nacho kiondoke, badala yake kiwekwe kitufe: "Onyesha" / "Ficha". Msisahau hii:

```html
<input type="password" autocomplete="new-password">
```

Taarifa za kozi mpya
"Ndiyo, nitumieni barua pepe kozi mpya zikianza." Tiki isiwepo mpaka aiweke mwenyewe.

Kitufe
"Wasilisha" iwe "Fungua akaunti".
Akishabofya: "Tunafungua akaunti…"
Mtandao ukikatika: "Hakuna mtandao. Ulichoandika bado kipo. Ukipata mtandao, bofya tena Fungua akaunti." Msiweke ujumbe huu kabla ya kuhakikisha kweli kipo. Sasa hivi fomu inafuta kila kitu.

Msimbo
"Weka tarakimu 6 tulizokutumia kwa barua pepe."
"Hujauona? Tazama kwenye barua taka, au Tuma tena."
Ukikosewa: "Msimbo huu haulingani na tuliotuma. Angalia tarakimu ujaribu tena."
Ukipitwa na wakati: "Muda wa msimbo huu umekwisha. Tumekutumia mwingine sasa hivi." Mwingine utumwe wenyewe, asiombe.