Kwa nini tumepunguza makali ya Kipanga

Ndugu wachezaji,

Tangu sasisho la Jumanne, lililoifanya Kipanga, bunduki yetu ya snaipa, kuwa nzito zaidi, nimesoma jumbe zenu hadi usiku wa manane. Wengi mmeandika kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Kuna mtu ametumia miezi mingi kuizoea bunduki moja, mkono wake unajua muda wake kuliko hata jicho, halafu anaamka asubuhi anakuta imekuwa nzito. Mbaya zaidi, sisi tuliandika tu "marekebisho madogo ya silaha" tukanyamaza. Hayakuwa madogo, na mlistahili kuambiwa mapema. Kwa hilo naomba radhi.

Kwanza niseme wazi kilichobadilika. Kufungua darubini kulichukua sekunde 0.25, sasa ni 0.40. Kukoki baada ya kila risasi kulichukua sekunde 0.9, sasa ni 1.3. Ukitembea huku umefungua darubini, mwendo wako umeshuka kutoka asilimia 60 ya mwendo wa kawaida hadi 45. Basi. Nguvu ya risasi haikuguswa, wala masafa yake. Ukimpiga mtu kifuani au kichwani bado anaanguka kwa risasi moja, hata awe ng'ambo ya pili ya ramani.

Sasa sababu. Wengi mnadhani tumeisikiliza minong'ono ya wanaouawa kwa mbali. Hapana. Anayekatiza uwanja mtupu bila kujificha mbele ya snaipa anastahili kufa, na kazi ya Kipanga ni hiyo. Shida yetu ilikuwa karibu: kwenye ngazi, kwenye milango, ndani ya ghala.

Kuna rekodi moja ya mechi niliyoitazama mara nyingi mno. Ni ramani ya Bandarini, ghala la makontena. Snaipa yuko ghorofani dirishani, ameshaangusha watu watatu. Mchezaji wa upande wa pili, mwenye rashasha, anatupa bomu la moshi uani, anazunguka nyuma ya kreni, anapanda ngazi za chuma akinyata ili hatua zake zisisikike. Inamchukua karibu dakika nzima. Anafika mgongoni pa snaipa, hatua nne tu, anafyatua. Risasi nne zinaingia, ya tano inapita pembeni ya bega. Snaipa anageuka, darubini inafunguka, mlio mmoja. Yule wa rashasha yuko chini. Hakusubiri kufufuka, alitoka kwenye mechi palepale.

Nilimhesabia. Rashasha yake inatoa risasi 600 kwa dakika, yaani moja kila sekunde 0.1, na inahitaji risasi tano kumwangusha mtu mwenye uhai kamili. Kutoka risasi ya kwanza hadi ya tano ni sekunde 0.4. Snaipa aliyeshtukizwa anahitaji kama sekunde 0.2 ili ubongo wake upokee kwamba anapigwa, na hapo namkadiria mchezaji mwepesi sana, kisha 0.25 za kufungua darubini. Jumla 0.45. Tofauti ya sekunde 0.05! Kwenye simu inayoonyesha fremu 30 kwa sekunde, hiyo ni fremu moja na nusu. Ukikosa risasi moja tu, na nani asiyekosa moja, umekufa. Na kama pingi yako iko juu kwa sababu uko mbali na seva, hata usipokosa unaweza kufa.

Yaani mtu aliyefanya kila kitu sawasawa alikuwa anashindwa na mtu aliyekuwa ameangalia dirishani. Mimi hilo siwezi kuliita ustadi, ingawa najua fika kwamba kugeuka na kulenga kwa haraka vile ni kazi ngumu. Nawaheshimu wanaoiweza. Lakini bunduki inayotawala mbali haiwezi pia kutawala karibu, la sivyo silaha nyingine zote tunazozitengeneza ni mapambo.

Kwa muda mpya, hesabu ile ile inatoa sekunde 0.6. Mwenye rashasha sasa anaweza kukosa risasi moja na bado akashinda kwa nafasi. Akikosa mbili, wako sawa kwa sawa. Akikosa tatu, snaipa anamla, na hapo hana wa kumlaumu.

Kukoki tulikuongezea muda kwa sababu ya wawili. Zamani kikosi kikipeleka watu wawili kwa snaipa mmoja, alimwangusha wa kwanza na kabla wa pili hajatoka nyuma ya nguzo alikuwa tayari ameshakoki. Sekunde 1.3 zinatosha kwa wa pili kuona mwenzake ameanguka, kuchomoza, na kufyatua risasi zake tano. Kumwendea snaipa kwa kushirikiana sasa kunalipa.

Wengine mmeuliza kwa nini hatukupunguza tu nguvu ya risasi. Tulijaribu ndani ya timu kabla ya chochote kingine, na ilikuwa ovyo. Unasubiri, unavuta pumzi, unampiga mtu kifuani kwa mbali, anabaki na uhai kiduchu na kukimbilia ukutani. Unahisi umeibiwa. Risasi moja ndiyo roho ya bunduki hii. Tukiiondoa, tumeiua, na sikukubali.

Hatuko peke yetu katika hili. Kwenye mchezo wa Counter-Strike, bunduki ya snaipa ya AWP ilipunguziwa mwendo wa kutembea na darubini wazi mwaka 2015, na Novemba 2022 magazini yake ikatoka risasi 10 hadi 5. Kelele zilikuwa kubwa mara zote mbili, na bado hadi leo ndiyo bunduki inayoogopwa kuliko zote pale, kwa sababu uwezo wake wa kuua kwa risasi moja uliachwa. Mwaka 2013 DSR 50, snaipa ya mchezo wa Black Ops II, ilitolewa sekunde 0.2 kati ya risasi na risasi ikapelekwa 0.4, na mbunifu aliyehusika akatumiwa vitisho vya kuuawa. Wachache wenu mmeanza kuwaandikia vijana wetu wa huduma kwa wachezaji lugha ya namna hiyo. Wao hawakubadilisha hata namba moja. Nileteeni mimi hasira hiyo, na tubishane kuhusu bunduki.

Kuhusu sarafu: kila aliyenunua darubini nyepesi ya Kipanga kabla ya Jumanne atarudishiwa sarafu zake zote Ijumaa hii, na kifaa chenyewe atabaki nacho. Rangi na mapambo hayajaguswa.

Sina uhakika wa jambo moja tu, nalo ni mwendo wa asilimia 45. Baadhi yenu mnaocheza snaipa wa kushambulia mmesema mnajihisi mmefungwa mawe miguuni, na nilipocheza mwenyewe jana usiku kwenye ramani ya Magofu nilihisi hivyo hivyo. Tutaangalia mechi za wiki mbili. Ikionekana tumezidisha, tutapandisha hadi 50, na safari hii nitawaandikia kabla ya sasisho kutoka. Sekunde 0.40 za darubini, lakini, zinabaki.

Tumeni rekodi za mechi zenu, hasa za karibu karibu mnapodhani mmeonewa. Nazitazama.

Mbunifu wa silaha