Waraka wa Bodi: Uchambuzi wa SWOT na Pendekezo kuhusu Tawi la Kilosa

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi
Kutoka: Meneja Mkuu, pamoja na Mkuu wa Fedha
Tarehe: 14 Januari 2026
Kikao: 23 Januari 2026, ajenda namba 5
Yah: Kufunga au kuendelea na duka la vifaa vya ujenzi, Kilosa

1. Tunachoomba

Menejimenti inapendekeza tawi lifungwe ifikapo 30 Juni 2026, siku mkataba wa pango unapoisha. Uamuzi unahitajika katika kikao hiki kwa sababu mkataba unataka notisi ya miezi 3. Tusipoitoa kabla ya 31 Machi, unajihuisha wenyewe kwa miaka 2 mingine, yaani pango la Sh milioni 36.

2. Hesabu za mwaka 2025 (Sh milioni, bila VAT)

| | |
|---|---|
| Mauzo | 686.0 |
| Faida ghafi (10%) | 68.6 |
| Mishahara na NSSF, watumishi 5 | (33.6) |
| Pango | (18.0) |
| Kanta: mafuta na matengenezo | (14.2) |
| Ulinzi, umeme, leseni, mawasiliano | (9.8) |
| Tengo la madeni mabaya | (11.5) |
| Upungufu na uharibifu wa mali | (6.1) |
| Hasara ya tawi lenyewe | (24.6) |
| Mgao wa gharama za makao makuu | (31.0) |
| Hasara iliyoripotiwa | (55.6) |

Wajumbe wasiichukue 55.6 kuwa ndiyo fedha tutakayookoa. Mgao wa 31.0 ni sehemu ya gharama za ofisi ya Morogoro: mkaguzi, mfumo wa hesabu, mishahara ya uongozi. Kilosa ikifungwa, zitabaki vilevile na kubebwa na matawi mengine.

Lakini kuna gharama nyingine ambayo jedwali haliioneshi. Mali ya Sh milioni 118 iliyo stoo Kilosa, na madeni ya Sh milioni 35.5 baada ya tengo, vyote vimegharamiwa na ovadrafti yenye riba ya 17%. Hiyo ni riba ya Sh milioni 26.1 kwa mwaka, inayolipwa Morogoro na kuandikwa Morogoro. Kwa hiyo gharama halisi ya kuwa na tawi ni 24.6 + 26.1 = Sh milioni 50.7. Inakaribia namba iliyoripotiwa, ila kwa sababu tofauti kabisa.

3. Uchambuzi wa SWOT

*Nguvu.* Tawi linajulikana na mafundi wa mjini. Bidhaa ndogondogo (rangi, mabomba, vifaa vya umeme, vitasa) ni 17% tu ya mauzo lakini zinaleta Sh milioni 31.7, karibu nusu ya faida ghafi yote. Muuzaji wa kaunta hiyo ni hodari na tunataka kubaki naye.

*Udhaifu.* Saruji ni 52% ya mauzo na faida yake ghafi ni 3.2%: Sh milioni 11.4 kwa mwaka mzima, haitoshi hata kuendesha Kanta inayoisomba. Stoo ina sakafu ya chini. Masika unyevu unapanda, mifuko ya safu ya chini inaganda, na hapo ndipo sehemu kubwa ya ule upungufu wa 6.1 inapotoka. Chaga za mbao zilinunuliwa, zikafunika nusu ya eneo. Udhaifu mbaya zaidi ni mali kauli. Msimamizi amekuwa akiwakopesha wakandarasi wadogo juu ya ukomo wa Sh milioni 2 ili kulinda mauzo, na madeni ghafi yamefika Sh milioni 47.

*Fursa.* Shule na zahanati zinazojengwa kwa force akaunti bado zinanunua vifaa. Hata hivyo manunuzi hayo sasa yanapita kwenye mfumo wa NeST, na zabuni inaweza kujazwa kutoka Morogoro bila kuwa na duka Kilosa. Fursa ipo, ila si hoja ya kubakiza tawi.

*Vitisho.* Tawi lilifunguliwa Agosti 2019 kwa ajili ya ujenzi wa reli ya SGR: makandarasi wadogo, kambi, nyumba za kupangisha. Treni za abiria zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024 na wateja hao wameondoka. Mauzo yalikuwa Sh milioni 1,240 mwaka 2023, yakashuka hadi 905, kisha 686. Lami kutoka Dumila nayo imewarahisishia wauzaji wa jumla kushusha saruji moja kwa moja saiti. Mto Mkondoa una historia ya kufurika mjini, na bima yetu ya mali haigusi mafuriko.

Kati ya haya yote, lililo zito ni moja: soko lililotuleta Kilosa limekwisha. Udhaifu wa ndani tungeweza kuurekebisha. Kwa faida ghafi ya 10%, tawi linahitaji mauzo ya Sh milioni 932 ili kulipia gharama zake tu kabla ya riba, ongezeko la 36%. Hatuoni yatakapotoka.

4. Njia nyingine tuliyoipima

Kubaki na kiduka cha bidhaa ndogondogo pekee. Mteja wa rangi na mabomba mara nyingi huchukua pamoja na saruji na nondo kwenye safari moja, hivyo tunakadiria tungebaki na 60% ya faida ile, Sh milioni 19.0. Gharama (watumishi 2, chumba kidogo, umeme na ulinzi) ni 21.8. Bado ni hasara ya 2.8 kabla ya riba.

5. Gharama ya kufunga (Sh milioni)

Stahili za watumishi 3 zinafika 5.2: kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, notisi, likizo na nauli. Wawili, dereva na muuzaji wa kaunta, wanajaza nafasi zilizo wazi Morogoro. Punguzo la kumalizia mali ni 4.8, kusafirisha inayobaki 2.7, ukarabati wa jengo 1.8, na hasara ya ziada kwenye madeni 7.5. Jumla 22.0, inayorudi ndani ya miezi 6 hivi, kwa sharti moja: fedha ya mali na madeni iende kupunguza ovadrafti. Ikitumika kujaza stoo ya Morogoro, ile riba ya 26.1 itaendelea kulipwa.

6. Utekelezaji

Hatari kubwa ni madeni. Mdaiwa akisikia duka linafungwa, huacha kulipa. Wakati huohuo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatutaka kuwaarifu watumishi na kushauriana nao mara tu tunapokusudia kupunguza kazi, kwa hiyo hatuwezi kukaa na siri hadi Juni. Mpangilio ni huu:

- 24 Januari: mikopo yote inasitishwa. Mkuu wa Fedha anakwenda Kilosa, anasainisha kila mdaiwa hati ya salio na tarehe za malipo.
- 2 Februari: taarifa kwa watumishi, mashauriano yanaanza.
- 27 Februari: notisi kwa mwenye jengo. Hakuna oda mpya ya saruji baada ya hapo.
- Aprili na Mei: kuuza kwa punguzo na kuhamisha mali. Mabati na nondo zitangulie kabla barabara ya kuingia stoo haijaharibiwa na mvua.
- Juni: kuhesabu mali, kufunga mashine ya EFD na kuitaarifu TRA, kutoa taarifa ya leseni kwa Halmashauri, kukabidhi funguo.

7. Azimio linaloombwa

Kwamba Bodi (a) inaridhia kusudio la kufunga Tawi la Kilosa ifikapo 30 Juni 2026, kwa kutegemea matokeo ya mashauriano na watumishi. (B) inaidhinisha matumizi yasiyozidi Sh milioni 22. (C) inaelekeza makusanyo yote ya mali na madeni ya tawi yaingie akaunti ya ovadrafti. Na (d) inamtaka Mkuu wa Fedha kuleta taarifa ya madeni kila mwisho wa mwezi hadi Juni.